Swali la Mtu Aliyefunga Mlango

Siku zile nikiuza matangi ya maji, asubuhi nyingi zilinikuta Mutuini, pembezoni mwa Nairobi, ukungu bado umelalia mashamba ya sukuma na nyumba mpya za kukodisha zikichomoza humo moja moja. Nilikuwa nasimama mahali na kutazama juu ya mapaa, nikiyatambua matangi niliyouza mimi, meusi, yamelowa umande. Nikiyatazama hivyo nilikuwa najibu maswali ambayo hakuna aliyeniuliza. Kwa nini unataka kuacha mauzo? Mbona HR? Nilijibu kwa sauti, peke yangu njiani, na ng'ombe wa watu wakanitazama.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni ya rasilimali watu, hiyo HR yenyewe, cheti ninacho, na nilikuwa nimeomba kazi pahali pengi. Kila barua iliyorudi ilisema asante, tunatafuta mwenye uzoefu. Kisha kampuni moja ya kusambaza vyakula ikaniita kwa mahojiano, ofisi zao katikati ya jiji. Niliitaka kazi ile mpaka nikaogopa, na nilijua nikikosa hii nitakaa kwenye matangi mpaka nizeeke.

Rafiki yangu mmoja aliyewahi kuuza nami, kisha akahamia HR ya hospitali, alikubali kunifanyisha mazoezi. Tulikutana mkahawani Adams Arcade, meza ya pembeni, chai mbili.

"Haya, mrembo. Kwa nini tukuchukue wewe na hujawahi kufanya HR?"

Nikaanza. Nasikiliza wateja, natatua malalamiko, nimefundisha wauzaji wapya, najua kuongea na landilodi na fundi wa mfereji siku moja. Nilipomaliza alikuwa anacheka ndani ya kikombe.

"Wewe unaniuzia tangi," akasema. "Kila nikiuliza unasema ndiyo. HR si kusema ndiyo, dada. Nipe mfano. Hali ilikuwaje, kazi yako ilikuwa gani, ulifanya nini, ikaishaje. Halafu nyamaza."

Kunyamaza nilikujua. Kwetu kwenye mauzo tulifundishwa hivi: bei ikishatoka mdomoni, funga mdomo. Mteja atahema, ataangalia dari, atajikuna, wewe tulia tu. Anayeongea kwanza ndiye anayelipa.

"Na swali la mbona HR," akaendelea, "usiniambie unapenda watu. Hata konda anapenda watu. Sema ukweli wako."

Ukweli wangu sikumwambia hata yeye. Nilitazama magari ya Ngong Road yakipita nje ya kioo, nikasema nitafikiria.

Siku ya mahojiano niliketi kwenye sofa ya mapokezi, zulia limemeza sauti zote, watu wakipita bila hatua kusikika. Nilikuwa kama mtu aliyeamka na bado anaota. Majibu yangu yote yalikuwa kichwani, yanaelea, ya kwanza yakigusana na ya mwisho. Nikaitwa.

Walikuwa watatu: meneja wa ghala, kijana wa fedha, na mwenyekiti wao, mama wa Pwani mwenye mtandio wa kijani na sauti ya chini. Kila mmoja alikuwa na karatasi ya alama. Dirisha nyuma yao lilielekea magharibi, na mbali kabisa, buluu juu ya buluu, niliona Ngong Hills. Nilijibu vizuri, nisijidanganye. Nilieleza kuhusu wauzaji wangu wawili waliogombania eneo moja, nilivyowasikiliza kila mmoja kando kisha pamoja, na jinsi walivyogawana. Meneja wa ghala aliandika sana. Maswali yalikuwa ya Kiingereza na Kiingereza changu kilikuwa kimevaa tai.

Kisha yule mama akaweka kalamu.

"Sasa tuzungumze Kiswahili," akasema, "maana wafanyakazi wetu hawatakuja kwako na Kizungu. Mtu ameingia ofisini mwako, amefunga mlango. Akwambia, nina jambo, lakini nataka libaki kati yetu. Utamjibuje, mwanangu?"

Sikufikiria hata kidogo. Miaka yangu yote ya kusema ndiyo ilijibu kwa niaba yangu. "Nitamwambia asiwe na wasiwasi. Siri yako iko salama."

Yale maneno yakatoka, nikayasikia, nikayatambua.

Niliwahi kuambiwa maneno hayo hayo. Nilikuwa na mimba changa, mama yangu mwenyewe hajui, na nilienda kwa ofisa wa HR wa kampuni ya matangi kuomba kwa muda nisipande mapaa kupimia wateja matangi. Alikuwa mtu mzuri. Alisema, siri yako iko salama, mama. Kisha, kwa wema tu, akamweleza msimamizi wangu ili nipunguziwe kazi, na msimamizi naye, kwa furaha tu, akanipongeza mbele ya mkutano wa wauzaji wote. Watu walipiga makofi. Eneo langu akapewa mwingine. Mimba ile haikukaa, na nilivyorudi kazini ilibidi kila mtu aniambie pole. Hakuna aliyenitakia mabaya. Ndiyo maana iliniuma, sikuwa hata na wa kumkasirikia. Na ndiyo maana nilienda kusoma jioni.

Wale watatu walikuwa wanaandika. Alama zilikuwa zinaingia.

"Samahani," nikasema. "Naomba nilirudishe hilo jibu."

Yule mama akaniangalia. "Lirudishe."

"Nitamzuia kabla hajasema. Nitamwambia, siwezi kukuahidi kwamba litabaki kati yetu, na mimi bado silijui. Kama kuna mtu anaumizwa, au kuna wizi, itabidi hatua ichukuliwe. Kama ni la afya yako au la nyumbani kwako, halitoki hapa bila wewe kukubali. Na lolote likibidi litoke, wewe utakuwa wa kwanza kujua nani ataambiwa na kwa nini. Halafu yeye ndiye ataamua kama ataniambia."

"Na akiinuka akaenda zake?" akauliza kijana wa fedha.

"Ataenda akijua ukweli. Mimi niliwahi kuahidiwa. Natamani ningeambiwa hivyo kwanza."

Kisha nikanyamaza. Kalamu hazikuandika. Nilitazama ule ubuluu wa milima, na kwa mara ya kwanza sikuwa nangoja mtu alipe. Nilikuwa nimechoka tu, na mwepesi.

"Ahsante," akasema yule mama. Hakuniuliza aliyeniahidi ni nani.

Nilishuka nikatembea mjini bila kujua naelekea wapi, nikajikuta nimepita Uhuru Park na bado natembea. Nilimpigia rafiki yangu nikamwambia nimeharibu, nimerudisha jibu katikati ya intavyuu. Akasema, hata mimi sijawahi kuona hiyo. Baada ya wiki kadhaa wakanipigia niende kuchukua barua ya kazi.

Ofisi yangu ni ndogo, dirisha linaangalia ukuta. Siku za mwanzo hakuna aliyekuja ila kuuliza likizo. Kisha akaja dereva mmoja wa lori, mtu mzima, kofia mkononi. Akaingia, akafunga mlango pole pole.

"Madam, kuna kitu nataka kukwambia. Lakini isitoke hapa."

Nikamwambia maneno yale yale niliyomjibu yule mama. Akasikiliza mpaka mwisho. Akageuka, akashika kitasa, akasimama hivyo akinipa mgongo. Kila kitu ndani yangu kilitaka kusema, usijali, niambie tu. Nilifunga mdomo.

Akaachilia kitasa, akavuta kiti.