Mama Alisemaje na Ridhaa ya Simu

Siku hizi mashine inauliza yenyewe. Unafungua ukurasa wa mgonjwa, kinajitokeza kisanduku: mgonjwa amekubali kuhudumiwa kwa simu, ndiyo au hapana. Unabofya ndiyo, unasonga mbele. Vijana ninaofanya nao kazi wanabofya huku wanatafuna karanga. Nikiwaona hivyo damu inanichemka, halafu inapoa, kwa sababu namkumbuka mwanamke mmoja ambaye angewatoa nje ya chumba cha simu karanga zikiwa bado mdomoni.

Tulimwita Mama Alisemaje. Jina lake la kwenye vyeti tulilijua, lakini ukimwita kwa jina hilo alikuwa anageuka kutazama nani anaitwa. Alikuwa tabibu mkuu wa kliniki yetu, mfupi, mwenye miwani iliyoshikizwa kwa plasta ya vidonda, na mdomo, jamani, mdomo aliokuwa nao! Kila asubuhi alizikusanya karatasi za simu za jana yake, akazisoma moja moja akiwa amesimama. Akikuta kitu hakimkai rohoni, unasikia kutoka mlangoni: "Wewe! Huyu alisemaje?" Hakuanza na mgonjwa ana nini, wala umempa dawa gani. Alianza na alisemaje.

Chumba chenyewe cha simu kilikuwa stoo zamani. Meza mbili zimebanana, simu mbili za waya uliojisokota, dirisha lisilofungika ambalo tulilizibia kwa boksi la bandeji. Pakinyesha tulikuwa tunahamisha mafaili kwa mikono yote miwili huku mgonjwa amebanwa kati ya sikio na bega. Wagonjwa waliokuwa wanaendelea vizuri, wa presha, wa sukari, wa vidonda vinavyosafishwa na ndugu nyumbani, tuliwapigia badala ya kuwaita waje kupoteza siku nzima kwenye benchi. Nilikipenda chumba kile. Mpaka leo nikinusa karatasi iliyolowa, roho yangu inarudi kule.

Juu ya kila simu palibandikwa karatasi yenye maneno ya kumwomba mgonjwa ridhaa. Kwanza tuliletewa maneno kutoka makao makuu: "ridhaa ya hiari ya kupokea huduma za kitabibu kwa njia ya mawasiliano ya mbali." Mama Alisemaje akamwita mfagizi wetu, akamsomea polepole, akamuuliza ameelewa nini.

"Nimeelewa nimefukuzwa kazi," mfagizi akajibu, amekwishashika kofia yake.

Basi karatasi ile ikaenda kwenye pipa, naye akaandika yake kwa mkono. Naijua kwa moyo. "Mimi ni tabibu wa kliniki yako, naitwa fulani. Naomba unitajie jina lako kamili na mwaka uliozaliwa. Uko wapi sasa hivi, na nani mwingine anatusikia? Simu ikikatika, nikupigie namba gani? Leo nataka kukuhudumia kwa simu. Kwa simu siwezi kukuona wala kukugusa, kwa hiyo yapo mambo ninayoweza kukosa kuyajua. Tutakayozungumza nitayaandika kwenye faili lako. Ukitaka kuonwa ana kwa ana, sema tu, hakuna atakayekukasirikia. Wewe mwenyewe unaonaje, tuendelee kwa simu?"

Kwenye karatasi ya kujaza, chini ya saa na tarehe, palikuwa na neno moja, "Alisema", na nafasi tupu. Hapo unaandika jibu la mgonjwa kama lilivyotoka. Kuandika "amekubali" ilikuwa marufuku. "Amekubali ni neno lako wewe," alikuwa anatuambia. "Mimi nataka lake." Kama anayejibu ni mtu mwingine, uandike ni nani, na kama mgonjwa mwenyewe amemruhusu kumsemea. Ndiyo maana mafaili yetu yalikuwa na raha ya kuyasoma. "Haya, si umeshanipigia." "Endelea, lakini upesi, nina chungu jikoni." Bibi mmoja alisema, "Nakubali, ila wewe sauti yako siipendi," na mwenzangu akaandika hivyo hivyo huku amenuna.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Nilikuwa na miezi miwili kazini, najiona mjanja. Siku hiyo nilikuwa na orodha ndefu na nilitaka kuimaliza kabla ya saa sita, nionekane. Katikati ya orodha palikuwa na fundi seremala mmoja, mzee, ana sukari, ana kidonda kwenye kidole cha mguu. Alikuwa anasafishwa nyumbani na binti yake. Nikapiga, akapokea binti, akaweka spika ili baba yake pale kitandani asikie. Nikasoma maneno yote, sikuruka hata moja, sauti yangu imenyooka kama ya redio. Nilipofika kwenye "wewe mwenyewe unaonaje", binti akadakia, "Anakubali, daktari, endelea tu."

Nikaendelea tu.

"Kidonda kinaendeleaje?"

"Afadhali sana. Wiki iliyopita alikuwa analalamika, sasa hakimuumi kabisa."

Nikafurahi kama nimekitibu mimi. Nikaandika: Amekubali. Maumivu yameisha. Aendelee kusafisha, apigiwe tena baada ya wiki mbili. Nikashukuru, nikakata, nikamkamata wa pili yake.

Kesho yake asubuhi nasikia mlangoni: "Wewe! Huyu seremala alisemaje?"

"Amekubali, mama."

"Kusoma najua. Nakuuliza alisemaje."

Nikatafuta kichwani sauti ya yule mzee, sikuipata. Haki ya Mungu, sikuwahi kuisikia.

"Alijibu binti yake," nikasema.

"Ahaa. Na huko kuisha kwa maumivu ndiko kulikokufurahisha?" Akavua miwani, na akivua miwani ujue mambo yameharibika. "Mwanangu, sukari inaua hisia za mguu. Mtu wa sukari anaweza kukanyaga msumari akatembea nao. Kidonda kilichokuwa kinauma kikanyamaza ghafla, hicho ndicho cha kukimbilia. Wewe umekiahirisha wiki mbili."

Nikanyoosha mkono kuichukua ile karatasi, na sitaficha, nilitaka kuichana niandike nyingine. Akaipiga kofi pale mezani.

"Haichanwi! Kosa lako litabaki hapo hapo lilipo. Andika chini yake, tarehe ya leo na saa hii, kwamba jana ridhaa haikutoka kwa mgonjwa mwenyewe, na kwamba unampigia upya. Tia sahihi. Halafu piga, nakusikiliza."

Namba niliikosea mara mbili. Binti akapokea. Nikamwomba azime spika, ampe baba yake simu mkononi. Akashangaa kidogo, lakini hakuwa mbaya yule binti, alimpenda baba yake na alidhani anampunguzia usumbufu. Nikasikia simu inapita kutoka mkono hadi mkono, kisha pumzi nzito.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akanitajia jina, akanitajia mwaka. Nikasoma tena maneno yale yote, safari hii bila sauti ya redio. Nikauliza, yeye mwenyewe anaonaje, tuendelee kwa simu? Kimya. Nikataka kusema "mzee, unanisikia?" Mama Alisemaje akaniwekea kidole mdomoni, kidole chake kwenye mdomo wangu, kama mtoto. Tukakaa hivyo.

"Hapana, mwanangu," mzee akasema. "Simu sitaki. Nataka mtu autazame huu mguu wangu. Unanuka, na hawa watoto wanaona haya kuniambia."

Nikamuuliza kidole kina rangi gani. Kimekuwa cheusi, akasema, na tangu juzi anatetemeka kwa baridi mchana kweupe. Nikamwambia asiukanyage mguu huo, gari la kliniki linamfuata sasa hivi; akizidiwa kabla halijafika, binti apige namba yetu bila kungoja. Nikamwomba ayarudie maagizo hayo nisikie, akayarudia. Kwenye ile nafasi nikaandika: "Hapana, mwanangu. Simu sitaki." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuijaza nafasi ile sawasawa.

Mzee alipofika, bandeji ilifunguliwa na Mama Alisemaje mwenyewe. Harufu ilijaa chumba kizima. Kidole kilikuwa kimekufa, cha pili yake kinafuata, na wekundu umepanda mpaka karibu na kifundo. Akapimwa sukari na homa, akatundikiwa dripu, akachomwa sindano ya kwanza ya dawa ya kuua vijidudu, akapelekwa hospitali kubwa saa ile ile. Barua ya rufaa niliiandika mimi. Usiku ule sikula. Nilikuwa nawaza mguu wa seremala, mtu anayefanya kazi yake amesimama, na maandishi yangu mazuri ya "wiki mbili".

Walimkata vidole viwili. Mguu ukabaki. Daktari wa upasuaji alituandikia kwamba zingepita siku chache zaidi angekata chini ya goti, kama mgonjwa angekuwa bado yu hai.

Mwezi mmoja baadaye alikuja kwetu kusafishwa, anatembelea magongo aliyojichongea mwenyewe, na mazuri kuliko ya hospitali. Mama Alisemaje akanikabidhi trei ya vifaa. "Mfunge wewe," akasema. "Na umwambie wewe."

Nikapiga magoti mbele ya ule mguu nikamwambia yote. Kwamba siku ile ya kwanza aliyepiga ni mimi, kwamba sikumsubiri ajibu, kwamba niliandika amekubali wakati hakusema kitu, na kwamba hayo yote yako kwenye faili lake, akitaka kusomewa ni haki yake. Nikamwomba radhi. Nilitegemea atafoka, na ningeshukuru angefoka.

"Nilikusikia siku ile," akasema taratibu. "Uliuliza vizuri sana, nikasema huyu ana adabu. Nilikuwa najiinua kwenye mto nikujibu. Mimi mtu mzima, kujiinua kwangu kunachukua muda. Nilipokaa sawa, nikakuta mmeshamaliza. Basi nikalala."

Nikaendelea kufunga bandeji machozi yananidondoka, sipaoni hata mahali pa kubandika plasta. Na Mama Alisemaje, ambaye sikuwahi kumwona akikosa neno, alichuchumaa kando yangu na magoti yake mabovu, akanishikia bakuli la dawa mpaka nikamaliza.