Laki Sita za Mwaka wa Kwanza

Mimi ni mwalimu wa hesabu Lugoba, na ndiyo maana dada yangu aliniamini. Yeye analima mananasi upande wa Msata. Januari moja alinijia na karatasi ya chama chake cha akiba: mwaka wa kwanza unaweka laki sita, kisha kila mwaka unaongeza laki moja na elfu ishirini juu ya ulichoweka mwaka uliotangulia. Miaka mitano. Faida asilimia kumi kwa mwaka, nayo inabaki humohumo izae.

Alitaka kujua mwishoni atatoka na kiasi gani. Nilipiga hesabu palepale, nikamwandikia milioni tano, laki nne na elfu themanini na nane. Alifurahi, kwa sababu pampu na mabomba ya kumwagilia shamba aliyotaka kununua yaligharimu milioni tano na laki nne.

Hakukosa hata mwaka mmoja. Mwaka wa nne mananasi yalishuka bei, akauza mbuzi wawili ili ile laki tisa na sitini itimie. Mwaka wa tano aliweka milioni moja na elfu themanini, na siku hiyohiyo tukaenda wote kufunga hesabu.

Karani alimsomea milioni nne, laki tisa na elfu themanini na tisa.

Nilikuja juu. Nilisema wamemlia dada yangu karibu laki tano. Karani, binti mpole, alinigeuzia daftari bila kubishana. "Mwalimu, tazama tarehe. Zote Desemba."

Nikatazama. Dada huvuna mwisho wa mwaka, na huweka akishauza. Mimi nilihesabu kana kwamba anaweka kila Januari. Laki sita zake za kwanza zilizaa miaka minne, si mitano. Ile milioni na ushei ya mwisho, iliyo kubwa kuliko zote, ilikuwa imeingia asubuhi ile. Haikuwa na muda wa kuzaa hata shilingi. Kila alichoweka nilikuwa nimekizidishia mwaka mzima ambao haukuwepo. Na sikuwa nimemuuliza: dada, unaweka lini? Swali ambalo wanafunzi wangu wakilisahau nawakata alama.

Njiani nilimwambia nitakopa nimjazie. Alikataa.

"Ungeniambia milioni nne na laki tisa, ningeweka akiba vilevile," alisema. "Ila wale mbuzi nisingewauza ili kutimiza kiwango ambacho hakingetosha vyote. Pesa ya mabomba iliyopungua ningeiongeza taratibu, kwa mahesabu yangu."

Nilitamani anifokee. Hakunifokea. Alinunua pampu na nusu ya mabomba, na msimu huo maji yaliishia katikati ya shamba. Upande wa chini alibeba kwa ndoo. Kila nilipokwenda kumsalimia alinikaribisha vizuri, nami nikatazama ile miche ya chini ilivyonyauka, nikashindwa hata kumaliza chai.