Paka wa Stoo ya Mahindi

Mtunza stoo ya mahindi alikuwa mama mwenye ulimi mkali, na paka wake hakuna aliyethubutu kumsema vibaya. Kila asubuhi paka alimwekea panya mlangoni, naye mama alimwita mumewe, fundi mwashi.

"Njoo uone mchapakazi, baba watoto!"

Hata hivyo magunia yaliendelea kutobolewa. Siku moja mumewe aliinama akamtazama panya wa asubuhi ile.

"Mbona kila siku anakuletea vitoto tu?"

Mama alinuna, lakini wakayavuta magunia aliyokuwa ameyabana ukutani. Nyuma yake, mahali paka asipoweza kupenya, palikuwa na mashimo mawili na mahindi yaliyomwagika. Panya mkubwa akachomoka, akampita paka puani. Paka akampisha kwa heshima zote.

Fundi aliangua kicheko. Kisha wakafagia, wakatega mitego, wakaziba mashimo kwa saruji, na magunia wakayapanga juu ya mbao, mbali na ukuta.

"Sasa huyu paka wako tumfukuze?" mume alimtania.

"Mwache," mama alisema. "Yeye alikuwa anakula watoto. Wazazi nilikuwa nawafuga mimi."