Mlangoni kwa Maalim

Katika miaka ile ya hamsini nilikuwa na kazi ya kupanga mafaili katika afisi ya serikali mjini Nairobi, chumba kimoja cha kupanga Kangemi, na hamu moja tu: kwenda Aden. Sikuwa na jamaa huko. Sikujua hata kama kuna miti. Nilikuwa nimeona mhuri wa Aden kwenye bahasha zilizopita mezani pangu, na mtu wa tabia yangu hahitaji sababu kubwa kuliko hiyo.

Afisa wetu, Mzungu mwenye shingo nyekundu, alikuwa anahamishiwa huko. Angefuatana na karani mmoja, sharti awe anaweza kuandika barua kwa Kiarabu. Tuliomba wawili, mimi na karani wa stempu, kijana aliyepiga suruali yake pasi mpaka ukaogopa kuigusa usije ukajikata. Afisa mwenyewe naye alitakiwa afaulu mtihani wa Kiarabu kabla ya kupandishwa cheo. Kwa hiyo sote watatu tukajikuta mbele ya mwalimu mmoja.

Maalim alikuwa fundi cherehani kutoka pwani. Kila Jumamosi alasiri aliifunika cherehani yake kwa shuka, akatundika ubao ukutani, na chumba chake juu ya duka la vitambaa kikawa darasa. Tulikuwa watu tisa au kumi: wenye maduka, dereva mmoja wa lori, na mimi Mkristo kutoka magharibi niliyetembea kwa miguu kutoka Kangemi na daftari kwapani.

"Umesilimu?" mama mwenye nyumba yangu aliniuliza.

"Hapana, mama. Ninasoma Kiarabu, nipate kazi Aden."

"Kwani hapa Kangemi kazi zimekwisha?"

Maalim hakuwa na fimbo. Alikuwa na mlango. Kila mtu alisimama akaeleza habari zake kwa sentensi alizotunga mwenyewe. Aliyekosea alikwenda kusimama mlangoni, na hakurudi kuketi mpaka mwingine akosee amrithi. Mlango ule niliufahamu vizuri. Nilijua misumari yake yote.

Muhula ule tulikuwa kwenye maneno manne ya wakati. *Indama*, yaani "wakati ambapo", lilikuwa pole, mgeni asiyechagua chakula: lilipokea kitenzi cha jambo lililopita, na cha jambo la sasa pia. *Lamma* lilitaka lililopita peke yake. *Lamma wasaltu*, nilipofika. Ukilipatia kitenzi cha sasa na kukikata irabu ya mwisho, maana inageuka kabisa, inakuwa "bado". Karani wa stempu alitaka kusema "bwana anapofika, mimi hufurahi", akaanza *lamma yasil*, na darasa zima likasikia kwamba bwana hajafika. Bwana alikuwa ameketi palepale, kwenye kiti pekee chenye mto.

"Bandarini wanasema hivyohivyo, wanaelewana," Maalim alisema. "Lakini nyinyi mnaandika barua, hampakui magunia. Mlangoni!"

*Baada an* lilikuwa na sura mbili. Jambo likiwa limekwisha, kitenzi ni cha lililopita: *baada an wasaltu*, baada ya mimi kufika. Likiwa bado linangojwa, kitenzi ni cha sasa na mwisho wake hugeuka: *asilu* huwa *asila*. Na *kullama*, kila mara, ndilo lililotutesa.

"Hata kama jambo unalifanya kila siku mpaka Kiyama," Maalim alisema, "*kullama* atataka kitenzi cha lililopita, sehemu ya kwanza na ya pili. Msimuulize kwa nini. Ndivyo alivyolelewa."

Jumamosi moja afisa alisimama, akakohoa, akasema: *Kullama yadkhulu al-mudiru, yaqumu al-kuttabu.* Kila mara mkubwa anapoingia, makarani husimama. Vitenzi vyote viwili vya sasa. Dereva wa lori, aliyekuwa mlangoni, alianza kunyanyua mguu ili arudi kuketi. Maalim aliutazama mlango, akamtazama afisa, akatazama chini.

"Ahsante, Bwana," akasema.

Dereva akaurudisha mguu.

Wiki iliyofuata *kullama* alikuwa amebadili tabia. Karani wa stempu alitangulia: kila mara mkubwa anaposema, sisi tunaelewa. Afisa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwenye duka wa kwanza akafuata, na wa pili, na dereva, wote kwa vitenzi vya sasa, kama watu waliopokea waraka kutoka juu. Hakuna aliyepelekwa mlangoni. Siku hiyo ndiyo afisa aliyosema angechagua karani wa Aden, na daftari lake dogo lilikuwa wazi gotini.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimeirudia sentensi yangu njia nzima kutoka Kangemi, na mdomo ukishazoea haushauriani na mwenyewe. *Kullama dakhala al-mudiru, qama al-kuttabu.* Maneno ya afisa, vitenzi vya Maalim.

"Hapana!" afisa akasema. "Mimi naingia kila siku. Bado naingia. Wewe nasema kama mimi nakufa zamani. Maalim, ambia yeye."

Maalim aliweka chaki, akapangusa vidole, akaenda mlangoni akasimama, uso kwetu.

"Yeye kasema sawa," akasema. "Kosa ni langu. Nililisikia Jumamosi iliyopita, nikanyamaza. Endeleeni."

Shingo ya afisa ilipata rangi ambayo sijaiona tena popote. Lakini tuliendelea, na hapo ikatokea balaa: hakuna aliyekosea. Hofu ilikuwa imetufanya wanazuoni. Afisa mwenyewe alitoa *baada an* safi kabisa: baada ya kufika Aden atamwandikia mama yake. *Asila*, akakaza ile *a* ya mwisho. Maalim alikuwa na goti bovu, la miaka mingi ya kukanyaga cherehani, na sasa aliuhamisha uzito mguu hadi mguu, akishika fremu ya mlango. Sheria ilikuwa yake, na hakuwa mtu wa kujisamehe.

Zamu ikanirudia, ya mwisho. Afisa alinyanyua kalamu. Nilijua sentensi yangu, nilikuwa nimeiota. *Baada an asila ila Adan*, baada ya mimi kufika Aden.

Nikasema: *Baada an wasaltu ila Adan, sa-aktubu ilaykum.* Nimekwisha kufika, ndipo nitawaandikia.

"Ha!" afisa akasema. "Hata mimi najua hiyo! Wewe hapana fika Aden bado!" Akaandika kitu katika daftari, na karani wa stempu akanyoosha mkunjo wa suruali.

Maalim aliiachia fremu ya mlango.

"Mlangoni," akasema.

Tulipishana katikati ya chumba. Alikuwa akichechemea. Darasa lilipokwisha nilikuwa bado nimesimama pale, wote wakanipita wakishuka ngazi, afisa bila kuniangalia, karani wa stempu akinipiga bega kama anayempa mfiwa pole. Maalim alibaki akifunua cherehani.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua nini, Maalim?"

Akatia uzi kwenye sindano. "Ukitoka, rudishia mlango."

Nikarudi Kangemi kwa miguu. Tangu hapo nimefika Kampala, Juba, Moshi, na miji mingine ambayo haikuwa na haja nami. Jioni ile mama mwenye nyumba alikuwa uani na debe la maji.

"Haya, msomi, umeshafika Aden?"

"*Lamma asil*," nikasema.

"Ndiyo nini?"

"Bado, mama."

"Basi kama upo, shika hii debe upande huo."