Laki Mbili na Ishirini kwa Mwezi

Bi Pasi aliingia ofisi ya mishahara akiwa bado ananuka sabuni ya kufulia. Miaka thelathini ananyoosha mashuka ya hospitali ile, na siku hiyo alikuwa hajakaa tangu asubuhi. Kiti cha wageni alikiangukia kama mzigo uliotuliwa.

Alitaka kukopa milioni mbili na laki nne. Nyumba waliyoachiwa na mama yao, yeye na kaka yake, kaka alikuwa anauza nusu yake, na mwenye baa alishajitokeza. Bi Pasi asipoilipia yeye kufikia Ijumaa, spika za baa zitapigiliwa kwenye ukuta wa chumba chake cha kulala.

"Riba ni asilimia kumi kwa mwaka, ya mkopo wote," alisema karani, kijana mwenye tai iliyomshinda shingo. "Nikikupa miaka miwili, makato ni laki na ishirini tu kwa mwezi."

"Nipe basi."

"Siwezi, mama. Unastaafu. Umebakiza mishahara kumi na miwili, na mkopo lazima uishe humo."

"Hiyo kumi na miwili inasemaje?"

Karani akabonyeza kikokotoo. "Riba laki mbili na arobaini. Jumla milioni mbili, laki sita na arobaini. Kila mwezi laki mbili na ishirini. Sasa hivi unapokea laki nne, utabaki na laki na themanini. Mshahara wako wa msingi ni laki sita, na sheria inataka ubaki na theluthi. Laki mbili."

"Kwa hiyo nanyimwa kwa elfu ishirini."

"Sheria inakulinda, mama."

"Inilinde na baa, mwanangu."

Karani akaficha kicheko kwenye karatasi ya mshahara, akapitisha kalamu kwenye makato. Kodi na pensheni. Mkopo wa chama cha akiba. Kalamu ikasimama. "Na hii elfu ishirini? Bima ya mtegemezi."

Bi Pasi akafumba macho. Mtegemezi alikuwa kaka yake huyohuyo. Ana presha, na kwa miaka sita dawa zake zimetoka kwenye mashuka.

"Ukimtoa, unabaki na laki mbili kamili," karani alisema taratibu. "Na kwa miezi kumi na miwili, elfu ishirini hiyo ni laki mbili na arobaini. Sawasawa na riba yote."

"Kumbe riba atanilipia yeye."

"Bila kujua."

"Atajua. Nampigia leo." Aliuliza kama bima inaweza kulipiwa na mtu mwenyewe. Inaweza, dirisha namba mbili.

Karani akamsogezea fomu ya kumwondoa mtegemezi. "Hapa wanataka sababu."

"Andika kwamba Ijumaa anapata milioni mbili na laki nne."

Alitia saini mara mbili, ya bima na ya mkopo, akabaki amekaa. Karani hakumharakisha.