Bonde Katika Usiku wa Mama

Nimeandika mengi ambayo hayakusomwa na mtu. Kijidaftari kimoja kilisomwa kwa makini, na ndicho kilichokuwa na uongo.

Mama aliletwa mjini kutoka kijijini kwake Haneti kwa sababu ya kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Ana kisukari cha miaka mingi, na hutumia dawa ya presha. Hospitalini walimfunga kifuani kimashine cha kurekodi mapigo ya moyo mchana na usiku, nami, msomi wa familia, nikapewa kijidaftari cha kuandika alichofanya na saa yake. Nyumbani kwangu Chang'ombe nilimzimia taa saa tatu usiku. Baadaye nilichungulia, chumba kiko kimya. Nikaandika kwa mwandiko wa kuvutia: "Alilala saa tatu. Aliamka saa kumi na mbili."

Tuliporudi, daktari, binti ambaye ningeweza kumzaa, alitugeuzia kompyuta.

"Tukilala mapigo hupungua, mchoro unashuka kama bonde. Wa mama umenyooka mpaka asubuhi."

Aliuliza kama mama hukoroma au hukatika pumzi usingizini. Hapana. Basi akasema kwa upole kwamba kwa mwenye kisukari cha muda mrefu, mstari kama huu unaweza kuashiria kuwa neva zinazouongoza moyo zimeanza kudhurika. "Unaweza," alirudia. "Peke yake hauthibitishi kitu." Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitawaambiaje ndugu zangu.

Akafungua kijidaftari changu. "Mama, saa tatu ulilala kweli?"

"Nilale na mali ya hospitali kifuani? Nikiilalia ikavunjika?"

"Sasa ulifanya nini?"

"Nilikaa nimeegemea ukuta. Shambani nimeshalinda mtama usiku kucha, nguruwe pori wako pale, nitashindwa kulinda kidude?" Akanionyesha kwa kidevu. "Huyu alichungulia mlangoni, akaenda kuandika."

Nikakagua viatu vyangu.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Asiyelala, alisema, bonde atalitoa wapi? Alimhakikishia mama kwamba kimashine kinalaliwa bila shida, akamfunga upya. Safari hii mama alisema mwenyewe cha kuandikwa, nami nikabaki karani.

Mchoro wa pili ulianza kushuka baada ya saa nne, ukakaa chini, ukapanda alfajiri. Daktari alisema hiyo ni dalili njema, ingawa kisukari kitaendelea kufuatiliwa. Chanzo cha kizunguzungu alikitafuta kwingine: alimpima presha akiwa amelala, kisha amesimama, akaona inaporomoka, akampunguzia dawa ya presha.

Mama aliomba michoro yote miwili ichapwe. Nilidhani Haneti ataonyesha ule wenye bonde. Nilipokwenda kumtembelea, nilikuta ule ulionyooka ndio umebandikwa ukutani sebuleni, na jirani ameketi chini yake anasimuliwa.

"Unaona? Usiku mzima sikusinzia hata mara moja," mama alikuwa akisema. "Na kidude chao niliwarudishia bila mkwaruzo."

Nilisogeza kigoda, nikaomba anisimulie mimi pia tangu mwanzo.