Safu ya Maoni

Wanafunzi walimwita Bi Mkasi, na jina lilimkaa. Miaka ishirini na miwili alifundisha somo la dini, na kila likizo ndefu alikata makadi, akayatandaza sakafuni sebuleni, akatembea juu yake peku akipanga mwaka. Mumewe, fundi saa, alikuwa akipita ukutani kama mwizi nyumbani kwake mwenyewe, maana ole wake atakayekanyaga kadi ya wiki ya saba.

Azimio la kazi la mwaka ule ndilo lililokuwa bora kuliko yote aliyowahi kuyapanga. Dini nne, mihula mitatu, wiki thelathini na nne, vipindi vitatu kwa wiki. Hakuzipanga dini kwa foleni, moja ikimaliza nyingine iingie. Alipanga mada: uumbaji, ibada, safari takatifu, msamaha, kifo. Kila mada ilirudi mara tatu. Muhula wa kwanza wanafunzi wangejifunza watu wanafanya nini. Wa pili, kwa nini wanafanya. Wa tatu wangelinganisha, waseme wanapokubaliana na wanapotofautiana, kisha kila mmoja atoe mawazo yake. Na kila mada iliporudi, dini nyingine ilitangulia: mara Uislamu, mara Ukristo, mara imani za jadi, mara Uhindu. Hakutaka mtoto yeyote aone dini ya kwao inaletwa siku zote mwisho, kama mgeni asiyealikwa. Na kwenye safu ya rejea aliandika somo linarudia lipi: "angalia muhula wa kwanza, wiki ya tano."

Cheo cha mkuu wa idara kilikuwa wazi mwaka ule, na azimio hilo ndilo lililokuwa barua yake ya kukiomba. Kompyuta haikuwa rafiki yake, basi akampa kazi ya kuchapa mwalimu mwenzake kijana, ambaye yeye mwenyewe alimfunza kazi alipokuja na suruali yake moja. Wenzao walimwita Tai, kwa kuwa hakuonekana bila tai hata siku ya michezo. Tai alichapa vizuri. Pale panapoandikwa "Limeandaliwa na" akaweka jina lake mwenyewe, akalipeleka azimio kwa mkuu wa shule, akarudi na cheo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Bi Mkasi alikwenda kulalamika. Mkuu wa shule, mama mwenye haraka siku zote, alimwambia azimio ni mali ya shule, si la mtu, na kwamba mtu mzima hagombanii karatasi. Bi Mkasi akashukuru, akatoka, na tangu siku hiyo kifua chake kikawa na kaa la moto ambalo hakutaka lizimwe.

Shule ilipofunguliwa alipewa nakala yake, akaisoma amesimama. Akaanza kucheka. Tai aliona msamaha umeandikwa mara tatu, akadhani mama wa watu amezeeka anajirudia. Akafuta mara mbili, akabakiza ule wa muhula wa tatu. Uumbaji vilevile, ibada vilevile. Nafasi zilizobaki akazijaza kwa kupanga dini foleni: muhula wa kwanza moja, wa pili moja, wa tatu mbili zikibanwa, na kati ya hizo imani za jadi zikatupwa wiki mbili za mwisho na maneno "muda ukiruhusu." Lakini safu ya rejea hakuigusa, kwa kuwa hakuisoma. Ilikuwa inaelekeza kwenye masomo yasiyokuwepo tena.

"Mwambie," mumewe alimshauri jioni ile. "Ni mapema, atarekebisha."

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," Bi Mkasi alijibu. "Mimi sitamwekea ngazi."

Akafundisha azimio lile kama lilivyo, neno kwa neno, kwa utiifu uliokuwa sumu tupu. Darasa la kidato cha tatu lilikuwa lake, na kila Ijumaa alijaza safu ya maoni, ile safu ya mwisho kabisa ambayo walimu wengi huandika "somo limeeleweka" bila kuinua macho. Yeye aliandika ukweli. "Wanafunzi hawana msingi." "Mada imeguswa, haijarudiwa." "Wanafunzi wawili wameuliza imani za kwao zitasomwa lini." Aliandika kwa wino mweusi, kwa hati nzuri, na kila sentensi ilimshibisha kuliko chakula. Tai alitia saini kila wiki bila kusoma. Kumwona akitia saini kulimpa Bi Mkasi raha ambayo hakumwambia hata mumewe.

Wakaguzi walikuja wiki ya sita ya muhula wa tatu. Aliyekagua somo la dini alikuwa mzee mpole mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Aliketi nyuma ya darasa la Bi Mkasi, akasikiliza kipindi cha kulinganisha msamaha katika dini nne, kisha akamuuliza msichana wa mbele watu wa imani za jadi hupatana vipi mtu akimkosea ndugu yake. Msichana akasimama, akasema kwa adabu kwamba hawajafika huko.

Ofisini, mbele ya mkuu wa shule, Tai na Bi Mkasi, mkaguzi alifungua azimio. Alimwomba Tai amwonyeshe somo la muhula wa kwanza, wiki ya tano, linalorudiwa hapa. Tai akafunua. Wiki ya tano ilikuwa juu ya nyumba za ibada. Akaelekezwa kwenye rejea nyingine, akafunua, nayo vilevile. Ya tatu hakufunua. Alishika tai yake kama mtu anayetaka kuilegeza, mbele ya watu akashindwa.

Bi Mkasi akafungua mkoba, akatoa makadi yaliyofungwa kwa mpira, akayaweka mezani. Siku hiyo alikuwa ameingoja wiki ishirini na tisa. Mkuu wa shule aliyatazama makadi, akamtazama Tai, na mambo yakaisha hapo hapo. Tai alivuliwa cheo kabla ya chakula cha mchana.

Mkaguzi alibaki, anasoma safu ya maoni toka wiki ya kwanza. Alisoma yote.

"Uliliona kosa tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Maoni huandikwa ili somo linalofuata lirekebishwe," alisema taratibu. "Haya ulikuwa unamwandikia nani?"

Bi Mkasi alisema azimio si lake, ni la shule, aliambiwa hivyo. Lilikuwa jibu zuri, alilitayarisha mwaka mzima. Mkaguzi aliitikia kwa kichwa, akafunga jalada.

Cheo alipewa yeye. Kwa Tai hakujuta hata chembe. Akipishana naye kwenye korido, kaa lile kifuani bado lilimpasha joto. Wiki nne zilikuwa zimebaki. Akatandaza makadi, akabana alichoweza, na Jumatatu akaanza na imani za jadi, msamaha kwanza. Alieleza jinsi ukoo unavyokaa kikao, aliyekosa akakiri mbele ya wote, wakala sahani moja.

Msichana wa mbele akanyoosha mkono. Bibi yake, alisema, ni mtu wa imani hizo, na mwaka mzima alikuwa akimuuliza, "Shuleni wanasema nini juu yetu?"

"Mwalimu, haya ulikuwa unayajua siku zote?"

"Ndiyo," alisema Bi Mkasi.

Kengele ikagonga. Alipoketi ofisini, kwenye meza yake mpya, akafungua azimio kwenye safu ya mwisho, akaandika kwa ile hati yake nzuri: "Mwalimu hana msingi." Pembeni palikuwa na nafasi ya saini ya mkuu wa idara, akaisoma sentensi ile mara mbili, kisha akatia saini.